Kotesheni ya uchapaji wa vipeperushi

Kotesheni ya uchapaji wa vipeperushi ni karatasi ambayo mpiga chapa humpa mteja kabla ya kazi kuanza, ikionyesha kiasi atakachodai kwa idadi fulani ya vipeperushi (huitwa pia brosha). Kwa kawaida bei hiyo ina sehemu tatu: gharama ya maandalizi inayolipwa mara moja, bei ya kila kipande, na punguzo kwa anayeagiza vingi. Tanzania karatasi hiyo huitwa pia profoma, hasa pale mteja anapoihitaji ili aidhinishiwe fedha na kikundi, shule au halmashauri.

Makala hii inatumia mfano wa kikundi cha wakamuaji wa mafuta ya alizeti katika Ulemo, kata ya Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Kikundi kinataka kipeperushi cha ukubwa wa A4, cha rangi pande zote mbili, kilichokunjwa mara mbili kupata kurasa sita nyembamba. Kazi itapelekwa Singida mjini. Kikundi na bei zake ni vya mfano tu, lakini hesabu hufuatwa vilevile kwa bei yoyote.

## Gharama ya maandalizi

Katika uchapaji wa ofseti picha haitoki kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kwenye karatasi. Kwanza hutengenezwa pleti, yaani bamba jembamba la alumini, moja kwa kila rangi ya wino. Rangi zote zinazoonekana kwenye kipeperushi hupatikana kwa kuchanganya wino nne: samawati, pinki iliyoiva, njano na nyeusi. Kwa hiyo upande mmja wa karatasi huhitaji pleti nne. Baada ya hapo fundi hufunga pleti, hupima wino na maji, na hupitisha karatasi za majaribio mpaka rangi nne zikae sawasawa moja juu ya nyingine. Karatasi hizo hutupwa.

Kazi hii ni ileile mteja akitaka vipande 100 au 10,000. Ndiyo maana maandalizi hutozwa peke yake, na ndiyo maana mteja mdogo huona bei ni kubwa kupita kiasi. Mpiga chapa hajamwonea. Gharama hiyo imegawanywa kwa vipande vichache tu.

Kuna jambo moja ambalo mteja anaweza kuuliza hapa. Pande mbili za rangi nne zingeonekana kudai pleti nane. Lakini kama mashine inachukua karatasi ya A3 au zaidi, fundi anaweza kuweka upande wa mbele na wa nyuma kwenye seti moja ya pleti nne, akachapa, akageuza karatasi zote na kuzipitisha tena kwa pleti zilezile, kisha akazikata katikati. Kila nusu huwa kipeperushi kamili. Kotesheni inayodai pleti nane kwa kazi ya namna hii inastahili kuulizwa, ingawa kwa idadi kubwa sana mpiga chapa anaweza kuwa na sababu ya kutenganisha pande.

## Bei ya kipande na jumla

Bei ya kipande hubeba karatasi, wino, muda wa mashine, kukata na kukunja. Jumla hupatikana hivi, ambapo M ni maandalizi, b ni bei ya kipande na n ni idadi:

```
Jumla = M + (b × n)
```

Tuseme mpiga chapa wa ofseti ameandika maandalizi shilingi 200,000 na kipande shilingi 300. Vipande 500 vitagharimu 200,000 + 150,000, yaani 350,000. Ukigawanya, kila kipande kimesimama kwa shilingi 700, zaidi ya mara mbili ya bei iliyoandikwa. Anayelinganisha kotesheni kwa kutazama mstari wa «bei ya kipande» peke yake atakosea.

Duka lenye mashine ya dijitali halitengenezi pleti. Linaweza kudai shilingi 20,000 za kupanga kazi na shilingi 800 kwa kipande. Idadi ambayo bei mbili hukutana hupatikana kwa kugawanya tofauti ya maandalizi kwa tofauti ya bei ya kipande: 180,000 ÷ 500 = 360. Kwa vipande 360 kila upande unadai shilingi 308,000. Chini ya hapo dijitali ni nafuu, juu ya hapo ni ofseti. Kikundi kinachohitaji vipeperushi 150 kwa maonyesho ya siku moja hakina haja ya kwenda kwenye ofseti.

## Punguzo na ngazi zake

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu neno «punguzo» lina maana mbili. Tuseme mpiga chapa yuleyule ameandika: punguzo la 10% kuanzia vipande 1,000, na 20% kuanzia 2,000.

Kwa maana ya kwanza, punguzo hushika vipande vyote vya oda. Anayeagiza 1,000 hulipa shilingi 270 kwa kila kimoja, yaani jumla 470,000. Anayeagiza 2,000 hulipa shilingi 240 kwa kila kimoja, jumla 680,000. Kwa maana ya pili, punguzo hushika vipande vya nyongeza tu: elfu ya kwanza hubaki kwa shilingi 300, ya pili huwa 270, na 240 huanza baada ya hapo. Oda ya 2,000 basi hufika 200,000 + 300,000 + 270,000, yaani 770,000. Karatasi ni ileile na asilimia ni zilezile, lakini tofauti ni shilingi 90,000. Inafaa mpiga chapa aandike jumla ya kila idadi, kwa mfano 500, 1,000 na 2,000, badala ya asilimia pekee. Jumla iliyoandikwa haina maana mbili.

Punguzo la maana ya kwanza lina tabia ya ajabu karibu na kila ngazi. Vipande 950 kwa shilingi 300, pamoja na maandalizi, ni 485,000. Vipande 1,000 ni 470,000. Mwenye kuagiza pungufu analipa zaidi! Mpaka wake hupatikana kwa kugawanya gharama ya vipande vya ngazi ya juu kwa bei ya ngazi ya chini: 270,000 ÷ 300 = 900. Yeyote anayetaka kati ya 901 na 999 aagize 1,000. Kwa ngazi ya pili, 480,000 ÷ 270 ni 1,777 na kitu, kwa hiyo kuanzia 1,778 ni afadhali kuchukua 2,000.

## Kiasi cha kuagiza

Kikundi cha Ulemo kimehesabu kuwa kinahitaji vipeperushi 700, vya kugawa minadani, madukani na kwa abiria wa barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Hiyo ni 410,000, au karibu shilingi 586 kwa kipande. Kwa kuongeza 60,000 kinapata 1,000, yaani vile 300 vya ziada vimekuja kwa shilingi 200 kila kimoja. Hilo ni jambo la kufikiriwa.

Je, 2,000? Bei ya kipande inashuka hadi 340 na inavutia. Lakini bei ya mafuta ya alizeti hubadilika kati ya msimu wa mavuno na miezi ya uhaba, na kipeperushi chenye bei ya zamani hakigawiki bila ugomvi na mteja. Kama vitagawiwa 1,100 na vingine vikabaki ghalani, kila kilichotumika kimegharimu 680,000 ÷ 1,100, karibu shilingi 618. Ni ghali kuliko kuagiza 700 vya awali. Punguzo ni la kweli kwa vipande vinavyotumika tu.

Njia ya kupunguza hatari hiyo ni kuacha nafasi tupu ya bei ili iandikwe kwa mkono au kwa mhuri. Njia nyingine ni kuweka bei na namba za simu kwa wino mweusi mtupu juu ya sehemu isiyo na picha. Zikibadilika, oda inayofuata itahitaji pleti mpya moja tu, ile ya nyeusi, mradi mpiga chapa amekubali kutunza zile nyingine tatu. Makubaliano hayo yaandikwe kwenye kotesheni, kwa sababu viwanda vingi hutupa pleti baada ya kazi.

## Kodi

Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani ni 18%. Kotesheni ya 470,000 bila kodi huwa 554,600 ikiongezwa. Mpiga chapa mwingine aliyeandika 530,000 «pamoja na kodi» anaonekana ghali lakini ni nafuu kwa shilingi 24,600. Kikundi ambacho hakijasajiliwa kwa kodi hiyo hakiwezi kuidai irudishwe, hivyo kwake kiasi cha kulinganisha ni kile cha mwisho. Mpiga chapa naye asiyesajiliwa haruhusiwi kuitoza. Tangu Julai 2023 usajili wa lazima huanzia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na wapiga chapa wengi wadogo wako chini ya hapo.

## Kupokea kazi

Kotesheni inapaswa kutaja uzito wa karatasi, kwa mfano gramu 130 kwa mita ya mraba, maana bei ya chini mara nyingine hutokana na karatasi nyembamba iliyowekwa kimyakimya. Si lazima mtu awe fundi ili kugundua. Karatasi ya A4 ina eneo la karibu 1/16 ya mita ya mraba, hivyo vipeperushi 100 vya gramu 130 huwa na uzito wa gramu 810 hivi. Vikiwa vya gramu 80 huwa karibu nusu kilo tu. Mizani yoyote ya dukani itaonyesha. Kwa hesabu hiyohiyo 1,000 ni kilo 8 tu, mzigo unaopanda basi kutoka Singida bila gharama ya maana.

Idadi ihesabiwe kwa vipande vizuri vilivyokwisha kukatwa na kukunjwa. Baadhi huharibika kwenye mkunjo, na mpiga chapa mzoefu huanza na karatasi za ziada kwa ajili hiyo. Kama kotesheni inaruhusu upungufu wa asilimia chache, iseme pia kwamba malipo yatapungua kwa kiasi hicho, na kwamba punguzo la ngazi ya 1,000 halitaondolewa kwa sababu vilivyofika ni 985.