Plasta Wiki Nane, Viatu Miaka Minne

Katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja hivi huja na unyayo uliopinda. Vidole vinatazama ndani, kisigino kimejivuta juu, na wayo umegeuka kiasi kwamba, kama mtoto huyo angesimama, angekanyagia ubavu wa mguu. Wavulana ni karibu mara mbili ya wasichana, na kwa nusu ya watoto hawa miguu yote miwili imepinda. Vijijini Kitui na Makueni, kama kwingineko, maswali humwangukia mama: alikula nini, alibeba nini, alimkosea nani? Ukweli ni kwamba mguu huo ulipinda tumboni, miezi mingi kabla ya uchungu kuanza, na urithi una sehemu yake. Mama hakuusababisha.

Si kila mguu unaotazama ndani una ugonjwa huu. Mtoto aliyebanwa tumboni anaweza kuzaliwa na unyayo uliolala ndani lakini ulio laini. Muuguzi akiusukuma taratibu kwa kidole, unanyooka na hata kupanda kuelekea muundi. Huo mara nyingi hurudi sawa wenyewe. Unyayo uliopinda kweli hukataa: ukiachiliwa hurudi ulikokuwa, na kisigino hakishuki. Huo haunyooki kwa kukandwa na nyanya kwa mafuta ya moto, wala kwa kusubiri mtoto aanze kutembea. Unahitaji plasta, na wiki za kwanza ndizo bora.

Sababu ya mguu huo kukataa iko ndani ya ligamenti, yaani nyuzi zinazofunga mfupa kwa mfupa. Upande wa ndani na wa nyuma wa mguu huu, nyuzi hizo ni fupi na nene, nazo zimeivuta mifupa ya unyayo nje ya mstari wake. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Uhispania aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuzichunguza miaka ya 1940. Aligundua kwamba nyuzi za mtoto mchanga zina mikunjo midogo inayokubali kuvutwa kidogo bila kukatika. Zikishikiliwa hapo kwa siku chache, mikunjo hujijenga upya, na nyuzi huwa tayari kuvutwa tena. Ndiyo maana plasta hubadilishwa kila wiki, na ndiyo maana kutumia nguvu nyingi kwa siku moja hakusaidii.

Tumchukue mtoto wa mfano, mvulana aliyezaliwa upande wa Mutomo, mguu wa kulia umepinda. Muuguzi anauona siku ileile na kumwandikia barua ya kwenda kliniki ya mifupa mjini Kitui. Mtoto wa upande wa Kibwezi angeelekezwa mjini Wote. Plasta ya kwanza inafungwa akiwa na wiki mbili. Mtaalamu anainua kwanza upande wa kidole gumba ili mbele ya unyayo ilingane na nyuma. Katika plasta zinazofuata anaweka kidole chake juu ya talasi, mfupa unaoketi chini ya muundi, kisha anauzungusha unyayo kuelekea nje, kidogo kila wiki. Kisigino hakishikwi, kwa sababu chenyewe kinahitaji nafasi ya kuzunguka. Plasta inapanda hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa, kwani ikiishia chini ya goti itateleza na kuchomoka.

Kufikia plasta ya tano, mtoto ana wiki sita na unyayo unatazama nje vizuri, lakini kisigino bado kiko juu. Katika watoto wanane au tisa kati ya kumi, kano ya kisigino haikubali kurefuka kwa plasta peke yake. Kwa hiyo mtoto akiwa na wiki saba, daktari anatia ganzi na kuikata kano hiyo kupitia tundu dogo kwenye ngozi. Plasta ya mwisho inakaa wiki tatu, na katika muda huo kano inaunga tena ikiwa ndefu zaidi. Akiwa na wiki kumi, mguu umenyooka.

Nyumbani, mzazi ana kazi moja kubwa katika wiki hizi: kutazama vidole. Mara kwa mara mchana na kabla ya kulala, bonyeza kidole cha mguu kiwe cheupe, kisha uachilie. Wekundu ukirudi haraka, damu inapita. Vidole vikiwa baridi, vya bluu, au vimevimba, rudi hospitalini siku hiyohiyo. Vidole vikianza kuzama ndani, plasta imeteleza na inaharibu kazi, hivyo usisubiri siku ya kliniki. Usiloweshe plasta wala kuitoa siku moja kabla ya kliniki ili kupunguza kazi asubuhi, kwa maana mguu ulio wazi usiku mzima huanza kurudi. Chanjo za wiki sita na kumi nyingi huchomwa pajani, na plasta huziba paja. Mwambie muuguzi mapema, ili sindano ipigwe siku ya kubadilisha plasta, kabla ya kufungwa mpya.

Plasta ya mwisho ikishatolewa ndipo wengi hupotea, kwa sababu mguu unaonekana umepona. Mguu bado unakua kwa kasi, na nyuzi zilizorefushwa zina mwelekeo uleule wa kuvuta ndani kwa miaka kadhaa. Kinachozizuia ni viatu viwili vilivyofungwa kwenye upau wa chuma, upana wa mabega. Aina iliyoenea Afrika Mashariki ilibuniwa Uganda na Mholanzi Michiel Steenbeek, ili mafundi wa hapa waitengeneze kwa ngozi na chuma cha kawaida. Kiatu cha mguu uliotibiwa hutazama nje digrii 60 hadi 70, na cha mguu mzima 30 hadi 40. Mguu mzima nao huvalishwa, la sivyo upau hauna cha kushikilia.

Kwa miezi mitatu viatu huvaliwa saa 23 kwa siku, na saa moja ni ya kuoga. Kisha ni saa 12 hadi 14, usiku na usingizi wa mchana, mpaka mtoto atimize miaka minne. Mvulana wetu atavaa mfululizo hadi karibu miezi mitano na nusu. Siku za kwanza atalia, maana hawezi kurusha mguu mmoja peke yake. Shika upau, mkunje na umnyooshe magoti yote mawili kwa pamoja, kama mchezo, naye atajifunza. Mvalishe soksi za pamba kwanza, sukuma kisigino mpaka kiketi chini, kisha kaza kamba. Joto la Kibwezi au Mutomo halihalalishi kulegeza. Lengelenge likitokea, mara nyingi kiatu kimelegea na kisigino kinasugua.

Jaribio la nyumbani ni rahisi. Kila wiki, pandisha unyayo kuelekea muundi na uuzungushe nje. Ukiona unapanda kidogo kuliko zamani, au mtoto anayetembea anakanyagia ubavu, au kisigino hakigusi chini, rudi kliniki wiki hiyo. Mguu ulioanza kurudi kwa kawaida hunyooshwa tena kwa plasta chache. Ukiachwa hadi miaka mitatu au minne, huenda kano ikahitaji kuhamishwa kwa upasuaji. Kabla hujatoka kliniki siku ya viatu, mvalishe mtoto wewe mwenyewe mbele ya mtaalamu, uulize tarehe ya kurudi, na umfundishe pia yeyote atakayelala na mtoto usiku ambao haupo.