Pasipoti Hii Imetoka Wapi?

Ndugu msomaji, hebu tazama chini ya ukurasa wa picha katika pasipoti. Kuna mistari miwili, kila mmoja una nafasi 44, na pengo hujazwa kwa alama <. Basi hesabu nafasi zote, hata za alama hiyo. Mstari wa juu huanza hivi:

```
P<KENJUMA<<ALI<<<
```

P ni pasipoti. Nafasi ya 3 hadi ya 5 ndizo nchi iliyoitoa: KEN, Kenya. Jina la ukoo, Juma, laanzia ya 6. Wengi hunaswa na Ujerumani, kwani hiyo ina herufi moja tu:

```
P<D<<
```

Lakini usikimbilie kusema mwenyewe ni raia wa nchi hiyo! Uraia umo mstari wa chini, nafasi ya 11 hadi ya 13. Mkimbizi aliyepewa hati ya kusafiria na Kenya chini ya mkataba wa 1951 ana KEN juu, ila chini ni XXB, maana yake mkimbizi. Kwa hiyo afisa akisoma mstari wa juu peke yake, atamwita Mkenya, kumbe sivyo.