Zamu tatu za msibani

Msomaji wa magazeti anaijua ile sentensi. Ipo chini ya picha ya marehemu, baada ya orodha ya madaktari, viongozi wa dini na majirani: kwa kuwa si rahisi kumshukuru kila mmoja kwa jina, familia inaomba wote wapokee shukrani hizi. Pale ina haki yake. Tangazo hulipiwa kwa ukubwa wake, na waliofika msibani huenda ni mamia.

Tatizo ni pale sentensi hiyohiyo inapohamishiwa kazini, kwenye kundi la wodi lenye watu kumi na wawili. Hao wote wanatajika.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa hospitali binafsi Dar es Salaam aliyefiwa na baba yake huko Muleba, Kagera. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 34, inampa angalau siku 4 za likizo yenye malipo kwa kifo cha mwenzi, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Shangazi, baba mdogo na mama mkwe hawamo, ingawa msiba wao nao huwezi kuukwepa. Tena siku hizo 4 ni za mzunguko mzima wa likizo; ukifiwa mara mbili, hazianzi kuhesabiwa upya.

Alipanda basi Jumanne alfajiri, akafika Jumatano. Mazishi yakawa Alhamisi, na Ijumaa siku zake 4 zikaisha huku watu bado wamekaa matanga. Alirudi mjini Jumatano iliyofuata. Jumla ni siku 9: 4 za sheria, 2 za mapumziko yake kwenye rosta, na katikati zimebaki 3 ambazo hazimo katika likizo hiyo yenye malipo. Zilibebwa na watu. Mmoja alishika jioni ya Jumamosi, mwingine akakesha usiku wa Jumapili na wa Jumatatu mfululizo.

Akiwa msibani alituma mstari mmoja tu: “Nimefika salama, tunazika Alhamisi, asanteni kwa rambirambi.” Ilitosha. Shukrani yenyewe aliiandika baada ya kuanua matanga, akili ikiwa imetulia kidogo. Majina tumeyaweka pembeni:

“Ndugu zangu wa wodi, poleni na kazi. Tumempumzisha baba salama. Kaka, najua ulikesha Jumapili na Jumatatu kwa ajili yangu, na Jumatatu mlipokea wagonjwa wengi. Dada, jioni ya Jumamosi uliishika wakati mtoto wako ana homa, nimeambiwa. Rambirambi yenu ilifika kabla ya mazishi, ndiyo iliyokodi turubai na viti. Msimamizi wetu, asante kwa kupanga rosta bila kunipigia simu hata mara moja. Na mlinzi wetu wa geti la nyuma, salamu zako nilizipata. Kaka, naomba nikulipe usiku wa tarehe 14 na 15. Dada, chagua siku yako.”

Angalia kilichomo. Kila zamu imetajwa kwa siku yake, kwa hiyo aliyekesha anajua kuwa kukesha kwake kumeonekana. Fedha imetajwa kwa kazi iliyofanya, si kwa kiasi. Mweka hazina alikwisha kubandika orodha ya waliochangia na viwango vyao. Mfiwa akiirudia kwenye shukrani, anamwaibisha aliyetoa elfu mbili, na aliyekuwa hana kitu mwezi huo anajificha kabisa. Mlinzi hakuchanga wala kushika zamu, lakini watu wa namna yake ndio husahaulika kwanza.

Jambo linaloleta manung’uniko zaidi ni zamu kutojulikana kama ni zawadi au deni. Mfiwa akinyamaza, mmoja anasubiri kulipwa, mwingine anaona haya kudai, na baada ya miezi miwili maneno yanaanza chumba cha chai. Kwa hiyo taja tarehe mwenyewe, kisha mwachie mwenzako nafasi ya kukataa. Yule dada alikataa: “Hiyo ni ya mzee, usinilipe.” Kaka alikubali usiku mmoja, wa tarehe 14, kwa sababu alikuwa na harusi ya mdogo wake.

Msimamizi akafuta jina moja kwenye rosta kwa kalamu nyekundu na kuandika lingine juu yake. Tarehe 14, saa 1 na nusu jioni, muuguzi alikuwa mezani akipokea ripoti ya wagonjwa.