Sekunde Tatu za Kupoteza Hesabu

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan State, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watu 300. Kila mmoja aliketi mbele ya kompyuta akifanya kazi yenye hatua kadhaa ambazo lazima zifuatane: ukimaliza ya kwanza uende ya pili, kisha ya tatu, bila kuruka wala kurudia. Mara kwa mara kioo kiliikata kazi hiyo na kumtaka mtu aandike herufi chache, halafu kikamrudisha alipokuwa. Katizo fupi lilichukua wastani wa sekunde 2.8. Makosa ya kuruka au kurudia hatua yakaongezeka maradufu. Katizo lilipofika sekunde 4.4, yakaongezeka mara tatu.

Sekunde 2.8 ndio muda wa kugeuza simu, kuona ni nani ameandika, na kuilaza tena mezani.

Jambo la kuzingatia katika jaribio hilo ni kwamba hakuna aliyepoteza muda wa maana. Watu walipoteza mahali walipofikia. Mtu anayejitetea kwamba alichungulia simu mara moja tu anahesabu muda, na kwa muda yuko sahihi kabisa, kwa sababu hasara yake haiko huko.

Tuseme ni mhasibu kijana katika ofisi ya wazi jijini Dar es Salaam: meza ndefu, watu wanane, hakuna ukuta. Ni mwisho wa mwezi, naye analinganisha kitabu cha fedha cha kampuni na taarifa ya benki. Pande mbili zinapishana kwa shilingi 180,000. Anaigawa kwa 9 na inagawanyika bila baki, ikitoka 20,000. Wahasibu wanaijua dalili hiyo: huenda mtu aligeuza tarakimu mbili alipokuwa akiandika, kwa mfano 1,640,000 badala ya 1,460,000. Sasa anasaka malipo yaliyogeuzwa. Kichwani amebeba vitu vinne kwa pamoja: amekagua hadi tarehe 17, hundi mbili bado hazijafika benki, makato ya benki ya mwezi ameshayaingiza, na malipo ya mafundi ndiyo anayoyashuku zaidi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoandikwa popote.

Hapo simu inatetemeka. Ni kundi la kamati ya harusi ya binamu yake.

Hata asipoigusa simu, umakini wake umeshaguswa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha lakini inayodai umakini: tarakimu zinapita kwenye kioo, nao wabonyeze kitufe kwa kila moja isipokuwa moja iliyokatazwa. Bila kuwaambia, watafiti waliwapigia simu baadhi yao na kuwatumia wengine ujumbe. Walioarifiwa walikosea zaidi kuliko walioachwa, ingawa hawakusoma wala kupokea kitu. Kule kujua tu kwamba kuna jambo linasubiri kuliwatosha kuanza kujiuliza ni nani na anataka nini.

Mhasibu wetu anaifungua. Mwenyekiti wa kamati ameorodhesha ambao hawajamaliza ahadi zao, na jina lake lipo. Anajibu kwa upole kwamba ataikamilisha Ijumaa. Dakika moja haijaisha, amerudi kwenye taarifa ya benki. Anasoma mstari wa tarehe 17, anausoma tena, na mara ya tatu anagundua anawaza mshahara utaingia lini.

Hali hiyo ilichunguzwa na mtafiti Sophie Leroy katika utafiti alioutoa mwaka 2009. Aliwaachisha watu kazi moja na kuwapeleka kwenye nyingine, kisha akapima ni kwa kiasi gani mawazo yao yalikuwa bado kwenye ile ya kwanza. Aliyaita mabaki ya umakini. Yalikuwa mengi kwa wale walioiacha kazi ya kwanza bila kuifunga. Ujumbe wa mchango una sifa hiyohiyo: anayeusoma hana uwezo wa kuumaliza wakati ule, kwa sababu fedha hazipo hadi Ijumaa. Kwa hiyo amerudi kazini na deni jingine kichwani, mahali palepale pa zile tarehe na hundi. Mitandao ya kijamii hujaa mambo ya namna hii, mjadala usio na mwisho na habari inayosubiri sehemu ya pili, na ndiyo maana kuichungulia katikati ya kazi ngumu ni ghali kuliko kusimama na kwenda kuchota maji.

Leroy na mwenzake Theresa Glomb walirudi kwenye suala hilo mwaka 2018 na kujaribu dawa, ambayo kwa mtazamo wangu ndiyo yenye thamani kuliko programu zote zinazouzwa za kufunga simu. Kabla ya kuhamia kazi iliyowakatiza, watu waliombwa kuandika kwa ufupi sana walipofikia na watakachoanza nacho wakirudi. Walioandika walikuwa na mabaki machache, na walifanya kazi iliyofuata vizuri zaidi kuliko walioruka tu. Akili inakubali kuiachia kazi ikishajua pa kuishikia tena.

Kwa mhasibu wetu maandishi hayo ni mistari miwili kwenye karatasi ya kando: “Nimefika tarehe 17. Tofauti 180,000, inagawanyika kwa 9. Hundi 2 bado. Nianze na malipo ya mafundi.” Haichukui hata nusu dakika. Iandikwe kwa kalamu, kwa sababu anayeiandika kwenye simu atakutana na arifa nyingine hukohuko. Faida yake kubwa inaonekana ofisini, ambako makatizo mengi hayatoki kwenye simu: bosi anayesimama kando ya meza na kuuliza jambo anaweza kuambiwa, “Naomba sekunde kumi, mkuu, niweke alama.” Ni ombi la heshima ambalo wengi hulikubali, na mara nyingi bosi mwenyewe ataanza kuuliza kwanza kama umefika mahali pa kusimama.

Ofisi ya wazi ina adha yake nyingine, nayo ni sauti ya binadamu. Kelele za feni, jenereta au magari ya barabarani hazisumbui kumbukumbu kama maneno yanavyosumbua. Tangu mwaka 1976 ilionekana katika maabara kwamba mtu anayejaribu kukumbuka mfuatano wa vitu hukosea zaidi akisikia mtu akizungumza pembeni, hata kwa lugha asiyoielewa. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliongeza jambo ambalo kila mkaaji wa ofisi ya wazi atalitambua. Mazungumzo ya upande mmoja, yaani kumsikia mwenzako akiongea na simu bila kumsikia wa upande wa pili, yaliwavuruga watu kuliko mazungumzo kamili. Akili hujishughulisha kukisia nusu isiyosikika. Maneno yalipochujwa yasieleweke, usumbufu ule ukatoweka.

Hivyo spika za masikioni zinasaidia, ila si kwa muziki wowote. Bongo fleva yenye mashairi ni maneno vilevile. Kwa kazi ya tarakimu, sauti ya mvua au ala tupu ni afadhali. Na anayepokea simu kwenye meza ya pamoja akitoka nje hadi kwenye korido, amewafanyia wenzake saba hisani kubwa kuliko anavyodhani.

Kishawishi kinachofuata ni kuzima kila kitu. Hapa ushahidi unakataa kidogo. Katika jaribio lililofanywa India na kuchapishwa mwaka 2019, baadhi ya watu walipokea arifa zao kwa mafungu, mara tatu kwa siku, na wengine hawakupokea kabisa. Wa mara tatu walijisikia watulivu na wenye umakini zaidi. Wale waliozimiwa kabisa walipata wasiwasi wa kupitwa na mambo, na hawakupata nafuu waliyoipata wenzao. Mtu aliyezimiwa kila kitu hana uhakika, na asiye na uhakika hujikatiza mwenyewe. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, tawi la Irvine, ambaye ameufuatilia utendaji wa watu maofisini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, amekuta kwamba karibu nusu ya makatizo huanzishwa na mfanyakazi mwenyewe, bila simu kulia wala mtu kumwita.

Kwa lugha ya vitendo, makundi ya WhatsApp yanyamazishwe kwa kuchagua muda wa “daima”, kisha yafunguliwe kwa saa zinazojulikana: kabla ya kazi ngumu kuanza, wakati wa chakula cha mchana, na jioni. Hofu ya dharura ya nyumbani ina jibu ndani ya simu yenyewe. Kwenye Android, hali ya “Usinisumbue” ina kipengele cha wanaorudia kupiga: mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu inalia. Kinachotakiwa ni kumwambia mama, mume au dada kwamba jambo likiwa zito apige mara mbili. Kipimo cha kama mpango unafanya kazi ni rahisi: kila mkono unapoifuata simu bila simu kulia, piga mstari mmoja kwenye karatasi. Mistari isipopungua baada ya wiki, tatizo halikuwa arifa, na pengine ni kazi yenyewe haijagawanywa vipande vinavyomalizika.

Si kila kinachosemwa kuhusu simu kimesimama. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walitangaza kwamba simu iliyolala mezani, hata ikiwa imezimwa sauti, hupunguza uwezo wa kufikiri. Habari hiyo ilisambaa sana, lakini waliojaribu kuirudia baadaye hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Kuiweka kwenye droo hakudhuru, ila aliyeiacha mezani asidhani ameshashindwa. Pia wapo ambao kazi yao ndiyo kukatizwa: mhudumu wa wateja na mpokezi hawawezi kufungua simu mara tatu kwa siku.

Na lipo ambalo kijana hawezi kulirekebisha peke yake. Ethan Bernstein na Stephen Turban wa Harvard walipima kampuni zilizohamia ofisi za wazi, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, huku barua pepe na jumbe zikiongezeka. Kuta zilipoondolewa ili watu wazungumze, watu walihamia kwenye vioo. Kwa hiyo mkuu wa idara anayetuma ujumbe saa nne asubuhi na baada ya dakika tano kuuliza “umeona?” anapaswa kuamua, na kuwatangazia watu wake, ni mambo gani yanastahili kupigiwa simu, na kwamba mengine yote yatajibiwa mchana.