Gharama ya lita moja ya alizeti

Mkamuaji mdogo wa alizeti pale Singida hupanga bei ya dumu kwa kusikiliza jirani anauzaje. Njia hiyo huvumilika mpaka gunia lipande bei katikati ya mwezi. Hapo anahitaji kujua kwa haraka lita moja sasa inamgharimu kiasi gani, na wiki ijayo atahitaji kujua tena. Jedwali la Excel linaweza kumjibu kila mara bila kuandikwa upya, mradi lijengwe kwa kanuni moja: kila namba inayoweza kubadilika ikae peke yake kwenye seli yake, na isiandikwe popote pengine.

Tuchukue mfano. Bei zilizomo ni za kuonyesha tu. Msomaji aweke za sokoni kwake. Kwenye safu ya A yanaandikwa majina ya vitu, kwenye B namba, na kwenye C kipimo: shilingi kwa gunia, kilo, lita. Safu ya C wengi huiruka, na hapo ndipo kilo na lita zinapoanza kuchanganyika. Mimi huongeza safu ya D yenye tarehe ya bei, maana bei isiyo na tarehe haimwambii mtu kama bado inafaa.

Namba za kuingiza ni hizi. B3 ni bei ya gunia, 55,000. B4 ni uzito wake, kilo 65. B5 ni lita zinazopatikana kwa gunia, 18. B6 ni kilo za mashudu, 42, na B7 ni bei ya kilo moja ya mashudu, 400. B8 ni malipo ya kukamua gunia, 6,000, na B9 ni usafiri wa gunia, 2,000. B10 ni bei ya dumu tupu, 3,500, na B11 ni ujazo wake, lita 20. B12 ni gharama za mwezi ambazo hazijali umekamua kiasi gani, yaani kodi ya chumba na mlinzi, 300,000. B13 ni magunia ya mwezi, 100. Seli hizi zipakwe rangi moja, njano hafifu kwa mfano, ili anayefungua faili ajue mara moja wapi anaruhusiwa kugusa.

Chini yake ndipo fomula zinapokaa, na ndani yake hamna bei hata moja:

```
B16: =B3+B8+B9
B17: =B6*B7
B18: =(B16-B17)/B5
B19: =B10/B11
B20: =B12/(B13*B5)
B21: =B18+B19+B20
```

B16 ni fedha zinazotoka kwa gunia moja, na B17 ni fedha zinazorudi kwa kuuza mashudu. Tofauti yake ikigawanywa kwa lita inatoa B18. B19 ni fungu la dumu kwa lita, B20 ni fungu la kodi na mlinzi, na B21 ndiyo gharama ya lita: shilingi 2,908.33.

Angalia B19. Kishawishi ni kuandika =B10/20, kwa kuwa madumu yote ni ya lita 20. Siku akija mteja anayetaka ya lita 5, atabadilisha bei ya dumu tupu kwenye B10, lakini ile 20 itabaki imejificha ndani ya fomula na gharama ya chombo itaonekana robo ya ilivyo. Hakuna onyo lolote litakalotokea kwenye skrini.

Kosa jingine la kimya ni kuandika bei kama 55,000/= ndani ya B3. Excel inaiona kama maandishi, haioni namba. Kwa fomula ya kujumlisha kwa alama ya + utaona #VALUE!, na hiyo ni heri. Ukitumia =SUM(B3,B8,B9), maandishi yanarukwa na jibu linakuwa 8,000, kana kwamba alizeti ilikuwa ya bure. Dalili ni kwamba maandishi huegemea kushoto mwa seli, wakati namba huegemea kulia, isipokuwa mtu awe amebadilisha mpangilio.

Sasa karatasi na kalamu. Kurudia fomula zilezile kwa kikokotoo hakusaidii sana, kwa sababu kosa la mawazo litarudi lilelile. Pita njia nyingine. Jedwali limekwenda kwa lita, basi wewe nenda kwa mwezi mzima. Magunia 100 kwa 63,000 ni 6,300,000. Toa mashudu, kilo 4,200 kwa 400, yaani 1,680,000. Lita 1,800 zinajaza madumu 90, nayo ni 315,000. Ongeza 300,000 za kodi na mlinzi. Jumla ni 5,235,000, na ukigawa kwa lita 1,800 unapata 2,908.33. Njia mbili, jibu moja.

Halafu badilisha seli moja tu na ukisie jibu kabla ya kulitazama. Magunia yakishuka kutoka 100 hadi 40, fungu la kodi na mlinzi pekee ndilo linalopaswa kupanda, kutoka 166.67 hadi 416.67, yaani shilingi 250 kamili kwa lita. B21 ikisoma 3,158.33, uko sawa. Ikiwa B18 nayo imesogea, kuna fomula inayoshika seli isiyoihusu.

Ukaguzi ninaouthamini kuliko wote hauhusu fedha, na ndiyo sababu ya kuweka B4 ingawa hakuna fomula ya bei inayoitumia. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kama kilo 0.92, hivyo lita 18 ni kilo 16.56. Ongeza mashudu kilo 42, unapata 58.56. Gunia lilikuwa na kilo 65, kwa hiyo zinazobaki, kama 6.4, ni uchafu, unyevu na mashapo. Hilo linaingia akilini. Lakini mtu akikuambia gunia lilelile linatoa lita 25 na mashudu kilo 45, hesabu inafika kilo 68, na hakuna mashine inayotoa zaidi ya ilichopewa. Pengine alipima gunia la lumbesa.

Vikishakubaliana, funga fomula. Chagua seli za njano, fungua Format Cells, nenda Protection, ondoa alama kwenye Locked. Kisha Review na Protect Sheet. Fomula hazitafutwa kwa bahati mbaya, na bei zitaendelea kubadilishwa.

Kitu ambacho jedwali haliwezi kukijua ni B5. Lita 18 ni za mafuta yaliyokwisha kutulia na kuchujwa, tayari kuuzwa, na hupatikana kwa kupima tu. Mwisho wa mwezi, hesabu lita zilizojaa kwenye madumu. Tuseme magunia 100 yametoa 1,710 badala ya 1,800: andika 17.1, na B21 inapanda hadi 3,052.19. Aliyekuwa akiuza lita kwa 3,000 alidhani anapata shilingi 92, kumbe anapoteza 52 kwa kila lita anayotoa.