Makovu ya Mapafu: Shilingi Ianzie Wapi

Tuseme una mzee wa miaka 68 kule Nyandira, Mgeta. Mwaka wa pili sasa anakohoa kikohozi kikavu, na kilima cha kwenda shambani, alichokuwa akikipanda huku anazungumza, sasa anasimama njiani mara tatu. Makohozi yamepimwa kifua kikuu na hayana kitu, ila kila akirudi kituoni anapewa antibiotiki nyingine. Mtazame vidole: ncha zimenenepa na kucha zimepinda kama mgongo wa kijiko. Daktari akimwekea kipimo cha kusikilizia mgongoni, chini kabisa ya mbavu, anasikia mchakacho kama wa mkanda wa kunata wa kiatu unapobanduliwa. Dalili hizo mbili zinatosha kuuliza kuhusu makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, ambayo madaktari huandika IPF.

Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye siti skani, kabla ya kidonge chochote. Omba skani ya kifua ya vipande vyembamba. Hiyo haihitaji dawa ya kuchomwa mshipani, kwa hiyo usikubali kuilipia bila kuelezwa sababu. Picha ya kawaida ya eksirei inaweza kukosa kuonyesha makovu ya mwanzo. Ongeza spairometri, kile kipimo cha kupuliza, kwa sababu bila namba ya kuanzia hutajua kama dawa inafanya kazi. Ikibidi kwenda Muhimbili, treni ya umeme kutoka Morogoro ni nafuu kwa mtu asiyeweza kukaa basini saa nyingi.

Sasa dawa. Zinazotumika zaidi ni mbili, pirfenidoni na nintedanibu, zilizoidhinishwa Marekani Oktoba 2014. Hakuna inayofuta kovu. Bila dawa, nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miaka mitatu hadi mitano baada ya kugundulika. Dawa hupunguza kwa karibu nusu kasi ya mapafu kupoteza uwezo wa kubeba hewa. Mzee hatajisikia nafuu, na hapo ndipo familia nyingi zinaweza kuacha dawa mwezi wa tatu zikidhani zimeibiwa.

Zilipotoka, kila moja iliuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 90,000 kwa mwaka. Zile za viwanda vya India ni rahisi mno kuliko hizo, lakini bei ya boksi isikudanganye. Pirfenidoni ya miligramu 200, kwa dozi kamili ya 2,400 kwa siku, ni vidonge 12 kila siku, yaani 360 kwa mwezi. Nintedanibu ya miligramu 150 ni vidonge viwili kwa siku, 60 kwa mwezi. Basi kidonge kimoja cha nintedanibu kikiuzwa bei ya vidonge sita vya pirfenidoni, gharama ni sawa. Juu ya hapo weka kipimo cha ini kila mwezi mwanzoni, kwa dawa zote mbili.

Bei zikilingana, angalia maisha ya mzee. Pirfenidoni huleta kichefuchefu na kuifanya ngozi iungue juani, na mkulima wa Mgeta anashinda juani. Nintedanibu huharisha, na inatakiwa kumezwa na chakula. Akiwa kwenye dozi ya kifua kikuu, rifampisini hupunguza nguvu ya zote mbili, amwambie daktari. Mchanganyiko wa zamani wa prednisoloni na azathioprini usiununue: jaribio lililosimamishwa mwaka 2011 lilionyesha vifo vingi zaidi kwa waliomeza.

Kama fedha haitoshi vyote, nisingeanza dawa ya miezi miwili kisha nikaiacha. Ningenunua kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kabla ya kununua mashine ya oksijeni, hesabu umeme wake: ya wati 350, ikiwashwa saa 15 kwa siku, hula takriban uniti 157 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya kikomo cha uniti 75 cha watumiaji wadogo. Na umeme wa mlimani ukikatika, mashine inazimika.

Kipimo cha kidoleni kiwe na daftari. Andika asubuhi, akiwa amekaa kimya, kidole kikiwa na joto. Mlimani namba huwa chini kidogo kuliko mjini, kwa hiyo mlinganishe na yeye mwenyewe. Akizoea 92 na leo kasoma 86, na ndani ya siku chache au wiki mbili tatu amefika hali ya kushindwa kumaliza sentensi au kufika chooni bila kupumzika, huo unaweza kuwa mlipuko wa ghafla wa ugonjwa. Hauhitaji homa. Karibu nusu ya wanaolazwa nao hufariki hospitalini, na unafanana na nimonia, damu iliyoganda, moyo kushindwa au pafu kupasuka, mambo ambayo mengine yanatibika. Mshushe siku hiyo hiyo hadi hospitali yenye oksijeni, ukiwa na skani ya zamani mkononi, maana daktari ataisoma sambamba na mpya. Nauli ya safari hiyo, na hasa ya masika, iwekwe pembeni tangu siku ya kwanza.