Mwezi Unapohama, Takwimu Nazo Huhama

Chaneli ya mapishi ya Mombasa inayorusha video saa 1 usiku hukosa watazamaji Ramadhani: watu wamefuturu na wengi wanajiandaa kwa tarawehe. Anayetaka kupika futari hutafuta maelekezo alasiri, kabla ya kuwasha jiko.

Matokeo ya wiki nayo yasomwe kwa kalenda ya Kiislamu. Mfungo ulianza Machi 12 mwaka 2024, na Machi 2 mwaka 2025. Ukilinganisha wiki ya kwanza ya Aprili ya miaka hiyo miwili, umelinganisha mfungo na siku za baada ya Idi! Linganisha wiki ya kwanza ya mfungo na mwenzake.

Mitihani ya kidato cha nne ni rahisi zaidi: hurudi kila Novemba. Video za marudio hupanda kabla yake, kisha huporomoka karatasi ya mwisho ikikusanywa.